Niliyowafundisha Kuhusu Treni

Kwa miaka sita nilikuwa mwenyekiti wa chama cha watu wa kwetu katika mji mmoja wa kaskazini mwa Ujerumani. Watu wa kwetu maana yake ni Migori na Homa Bay, pamoja na Wakuria kadhaa wa upande wa mpakani waliojiunga nasi kwa kuwa hawakutosha kuunda chama chao. Kazi za mwenyekiti zilikuwa kufungua mikutano, kupatanisha waliogombana, kupanga michango ya matanga na, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kuwakaribisha wageni. Tatu za kwanza nilizifanya kwa sababu lazima mtu azifanye. Ya nne niliipenda, na sitaficha kwamba niliipenda kwa sababu nilikuwa naongea peke yangu kwa saa nzima na watu wananisikiliza.

Tulikutana katika ukumbi ulio chini ya kanisa moja, mahali penye viti vya plastiki na harufu ya chai ya maziwa. Wageni wengi walikuwa wauguzi, au watu waliokuja kusomea kazi ya kuwatunza wazee. Mambo ya benki na bima walielezwa na waajiri wao. Mambo ya kanisa waliyajua kunizidi. Kilichowasumbua ni kutoka nyumbani kwenda kazini na kurudi, na hapo ndipo nilipoingia mimi.

Kabla ya kuhamia huko nilikuwa karani wa steji Migori kwa miaka tisa. Nilikuwa naandika zamu za magari ya Kisii, Isebania na Homa Bay, naamua nani apakie kwanza, na kuamua ugomvi wa makanga waliong'ang'ania abiria mmoja, huyu akimvuta huku na yule kule. Kwa hiyo niliona usafiri kuwa taaluma yangu. Ukiwa umesimamia steji ya Migori siku ya soko, treni inayofika kwa dakika zilizoandikwa ukutani haiwezi kukutisha. Nilikuwa na majivuno hayo, na niliyavaa kila Jumamosi pamoja na koti langu la kijivu.

Somo lenyewe nililigeuza kuwa orodha ya mambo ambayo watu wetu hukosea. Nilianza na kujaa. Gari la kwetu huondoka likijaa, kwa hiyo mtu wa kwetu akiona basi tupu hana haraka, anajua bado lipo lipo. Nikawaambia basi la huku litaondoka na dereva peke yake ndani kama dakika imefika, na halitamngojea mtu anayekuja akipunga mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Kisha kushuka. Kwetu unamwambia makanga akushushe pale kwenye duka la rangi ya bluu. Huku hakuna makanga. Unabonyeza kitufe chekundu kabla ya kituo chako, na usipobonyeza, na kama hakuna mtu anayesubiri nje, basi linapita.

Kwenye treni niliwafundisha kwamba mlango haufunguki wenyewe; kuna kitufe, ubonyeze, usisimame ukiungoja kama mgeni wa harusi. Behewa lenye namba moja kubwa ni la waliolipa zaidi, hata kama liko tupu na lako limejaa. Treni nyingine hukatwa katikati ya safari, nusu ya mbele inaenda huku na nusu ya nyuma kule, kwa hiyo soma kilichoandikwa kwenye behewa lako, si kwenye jukwaa pekee. Tiketi nyingine lazima uzigonge muhuri kwenye kisanduku kabla ya kupanda. Hakuna geti la kukuzuia usiingie bila tiketi, na hilo ndilo linalowaponza watu, maana wanadhani hakuna anayeangalia. Wakaguzi wapo, na wengine huvaa jaketi za kawaida kama abiria.

Watu walicheka nilipotaka wacheke. Nilikuwa na mzaha wangu kuhusu mzee wa Rongo aliyemwomba dereva wa basi ampunguzie nauli, na sikuwahi kuuacha.

Jumamosi ninayoizungumzia, alikuwapo dada mmoja wa Homa Bay. Tulimwita nyaminwa, yaani dada yetu, ingawa hakuwa ndugu wa yeyote mle ndani. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na alikuwa amefanya uuguzi nyumbani kwa miaka mingi kabla ya kuja. Hakuwa mgeni kabisa nchini. Alikuwa ameishi zaidi ya mwaka katika kijiji kimoja, akilala kwenye hosteli ya nyumba ya wazee na kutembea kwa miguu hadi wodini, kwa hiyo treni alikuwa ameipanda mara chache tu, kila mara akiwa na mtu. Sasa alikuwa amehamia mjini kwetu.

Chai ilipokuwa inagawiwa alinifuata na daftari.

"Mwenyekiti, mimi niko na mtihani Jumanne ya wiki ijayo," alisema. "Ule wa kutambuliwa kama muuguzi kamili. Ni kwa hospitali ya mji mwingine, saa mbili asubuhi. Na hii ni mara ya mwisho."

Nilijua maana yake. Huko muuguzi aliyesomea nje hufanya kazi kama msaidizi mpaka apite mtihani huo. Akianguka anaruhusiwa kuurudia mara moja tu. Yeye alikuwa ameshaanguka mara moja, na aliniambia wazi kuwa lugha ndiyo iliyomwangusha, si kazi. Asipokuja bila sababu inayokubalika, inahesabiwa ameanguka. Wanawe wawili walikuwa kwa mama yake Homa Bay, na alikuwa amewaahidi kwamba akipita ataanza kutafuta njia ya kuwaleta.

Nilimpangia safari mimi mwenyewe. Treni ya saa kumi na mbili na dakika kumi, bila kubadilisha, kufika saa moja na nusu, kisha dakika kumi kwa miguu. Tiketi ya mwezi hakuwa nayo, kwa kuwa aliyoiomba ingeanza kutumika mwezi uliofuata. Nikamwambia anunue tiketi ya siku ya jimbo.

"Hiyo unatembea nayo siku nzima, kwenda na kurudi, treni zote isipokuwa zile za kasi," nilisema. "Nunua Jumatatu jioni kwa mashine, uchague tarehe ya kesho yake. Andika jina lako juu. Basi."

Aliandika kila neno.

Wakati ule ule mama mmoja Mkuria, aliyekuwa na wiki mbili tu nchini, aliinua mkono na kuuliza mbele ya wote, "Na mtu akikosea je? Akipatikana na tiketi mbaya, wanamfanya nini?"

"Usikosee," nikamjibu, na ukumbi ukacheka, nami nikaenda kuchukua chapati.

Jibu la kweli nilikuwa nalo. Katika wiki yangu ya tatu nchini nilipanda treni na tiketi niliyosahau kuigonga muhuri. Wakaguzi wawili wakanikuta. Nilisimama na mfuko wangu tayari kushuka, kwa sababu kwetu ukikosa nauli unashuka, na mtu mwenye heshima hangoji kusukumwa. Mkaguzi mmoja akanionyesha kiti kwa kidole. Aliandika jina langu, akanipa karatasi ya faini yenye tarehe ya mwisho ya kulipa, akaendelea na safari yake ya kukagua. Nami nikaendelea na yangu. Nilifika nilikokuwa nakwenda, nikiwa nimekaa kando ya mama mmoja na mbwa wake, karatasi iko magotini. Nililipa, na sikumwambia mtu yeyote, hata mke wangu. Aliyekuwa karani wa steji Migori hawezi kushikwa bila tiketi. Niliona aibu na aibu ile haikupungua kwa miaka.

Kuna jambo la pili, na hili sikulijua. Tiketi ile ya siku ya jimbo, siku za kazi, huanza kutumika saa tatu asubuhi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu inatumika tangu usiku. Mimi niliitumia miaka yote kwenda matangani, harusini na kwenye mikutano ya vyama vingine, na mambo hayo hufanyika wikendi. Siku za kazi nilipanda basi langu moja kwa tiketi ya mwezi. Masharti yameandikwa, kila mtu anaweza kuyasoma. Mimi nilikuwa na uzoefu, na mtu mwenye uzoefu hasomi.

Jumanne ile nilikuwa kazini, katika ghala la vipuri vya magari. Simu ililia kabla ya saa moja. Kwa kawaida sipokei simu nikiwa kwenye zamu, lakini nilijua ni siku yake, nikadhani anataka nimwombee.

"Mwenyekiti, nimeshuka," alisema.

"Umeshuka wapi? Si ni mapema?"

"Sijui hapa panaitwaje. Ni kituo kidogo, hakuna mtu. Mkaguzi alisema tiketi haifanyi kazi mpaka saa tatu."

"Akakuambia ushuke?"

"Hapana. Alisema nimpe kitambulisho. Treni ikawa inasimama, mlango ukafunguka. Nikamwambia pole, nikashuka. Aliita nyuma yangu, nikaogopa, nikatembea haraka."

Nilikaa juu ya katoni. Nilielewa kilichotokea kama vile nilikuwa nimekaa kando yake. Alikuwa amefanya kile ambacho mtu aliyelelewa vizuri Homa Bay angefanya: ameambiwa nauli yake si sawa, akaondoka kabla ya kuaibishwa mbele ya watu. Mkaguzi alikuwa anataka kumwandikia karatasi tu. Angeandika, angempa, na angefika kwenye mtihani dakika ishirini kabla ya muda.

"Ungekaa tu," nilisema. "Wanaandika faini, halafu unaendelea."

"Kwani wanakubali?"

"Wanakubali."

"Wewe ulijuaje?"

"Watu husema," nikamjibu.

Nikafanya mambo ambayo mwenyekiti hufanya. Nilitafuta ratiba kwenye simu: treni inayofuata kituoni pale ilikuwa baada ya saa nzima. Nilimpigia mwanachama mwenye gari. Alikuwa kwenye zamu ya usiku na simu yake imezimwa. Nilitafuta teksi, na ya karibu ingechukua dakika arobaini kufika kijijini pale, maana ilikuwa asubuhi ya watoto wa shule na teksi zote zimeshaagizwa. Nikamwambia apige simu ofisi ya mtihani. Alipiga, ikaita bila kupokelewa. Ofisi hufunguliwa saa mbili. Alipanda treni iliyofuata na tiketi ile ile mbovu, na hakuna aliyemkagua.

Alifika dakika arobaini baada ya saa mbili. Watahini walikuwa wameshaanza na mtu mwingine, na mgonjwa ambaye yeye angemhudumia mbele yao alikuwa amerudishwa kwa muuguzi wa wodi. Walimsikiliza kwa upole, aliniambia, wakampa maji, wakaandika alichosema. Barua ilifika wiki tatu baadaye. Ilisema sababu aliyoitoa ilikuwa ndani ya uwezo wake, na kwamba kwa hiyo amehesabiwa kuwa ameanguka. Aliniletea niitafsiri, ingawa Kijerumani chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Nadhani alitaka mtu mwingine aisome kwa sauti.

Angeweza kubaki na kuanza masomo ya uuguzi upya, miaka mitatu, darasani na watoto wa miaka kumi na minane. Chama kilimshauri hivyo. Alikataa. Alisema hawezi kusomea tena kazi anayoijua, na kwamba watoto wake wameshangoja vya kutosha. Tulimfanyia chakula cha kumuaga katika ukumbi ule ule. Niliongoza maombi. Nilizungumza vizuri, watu waliniambia.

Mimi sikuacha uenyekiti. Niliendelea kutoa somo langu, na niliongeza sheria ya saa tatu. Niliieleza kwa mkazo, na mara mbili nilisimulia habari ya dada mmoja aliyekosa mtihani, bila kumtaja. Habari ya kiti na karatasi magotini sikuisimulia. Nilijiambia kwamba haihitajiki tena, sasa kwa kuwa wanajua sheria. Nilijua ninajidanganya, na nilijidanganya hivyo hivyo mwezi baada ya mwezi.

Mwaka uliofuata nilikwenda nyumbani Desemba kumwona mama yangu, Migori. Siku ya nne nikapanda gari la Homa Bay kupitia Rongo. Nilimwambia mama naenda kununua samaki. Nilikuwa nimesikia kwamba nyaminwa amepata kazi katika hospitali ndogo ya binafsi, na kwamba siku asizo na zamu anafundisha Kijerumani. Alikuwa amekodi chumba juu ya duka la dawa, karibu na soko, na vijana wauguzi waliokuwa wanajiandaa kwenda Ujerumani walimlipa kwa somo.

Nilimkuta katikati ya somo. Walikuwa tisa, wengi wasichana, wamebanana kwenye mabenchi. Alinitambua mlangoni, akanipa mkono, akauliza habari za mke wangu na za wote wa chama, mmoja baada ya mwingine, kama inavyotakiwa. Kisha akanipa kiti cha nyuma na kuendelea.

Alikuwa anawafundisha usafiri. Ubaoni alikuwa amechora treni, ameandika saa tatu na kuizungushia mduara. Kisha, bila kubadilisha sauti, akawaeleza habari yake. Aliwaambia jina la kijiji aliposhuka, ambalo sasa alilijua. Aliwaambia alivyotembea haraka kwenye jukwaa mkaguzi akimwita. Aliwaambia kwamba alilia katika treni ya pili na kwamba mtu wa kando yake alihamia kiti kingine. Hakufanya mzaha hata mahali ambapo mimi ningefanya. Msichana mmoja aliuliza kama hakuona aibu kuwaambia watu.

"Naona," alisema. "Lakini nikiwaficha, na nyinyi mtashuka."

Kisha akanigeukia.

"Huyu ni jaduong', mzee wetu, alikuwa mwenyekiti wetu kule. Yeye anajua treni kutushinda sote. Jaduong', ongeza kidogo."

Nilisimama. Nilikuwa nimekuja kumwambia faraghani, kwa sauti ya chini, pengine tukiwa tumeagiza soda. Nilitazama wale tisa, na kwa mara ya kwanza mbele ya watu wanaonisikiliza sikujua pa kuanzia. Nikasema mimi nilishikwa katika wiki ya tatu. Nikasema nilisimama nishuke, mkaguzi akanionyesha kiti, nikakaa, nikaandikiwa, nikafika. Nikawaambia kuhusu mbwa. Walicheka, na walikuwa na haki, mtu mzima na koti lake.

Yeye hakucheka. Alikuwa ameshika chaki na ananitazama. Nilijua anahesabu miaka, toka wiki yangu ya tatu nchini hadi Jumamosi ile ya chai, hadi simu ile ya kabla ya saa moja.

Aliwapa wanafunzi zoezi la kuandika, akanisindikiza hadi chini, mbele ya duka la dawa.

"Nilipokupigia simu nikakuuliza ulijuaje," alisema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua kwa sababu ilikupata wewe mwenyewe."

"Ndiyo."

Bodaboda moja ilisimama ikidhani tunataka kwenda mahali. Aliiashiria iondoke.

"Mimi hiyo tiketi nilishaisamehe zamani," alisema. "Mtu yeyote anaweza kukosea tiketi. Lakini siku ile ndani ya treni nilifikiria watu wetu wote, wewe, na wale wa kanisani, na wale waliotangulia. Nikaona mimi ndiye wa kwanza kushikwa. Nikaona nitawaaibisha. Ndiyo maana nilishuka."

Nilimwambia samahani, na neno hilo lilitoka dogo kuliko nilivyotaka. Aliitikia kwa kichwa, akafuta chaki mikononi, akapanda ngazi kurudi kwa wanafunzi wake, maana muda wao ulikuwa haujaisha.